Benki wanataka hadi historia ya ukoo ndio wakufungulie akaunti, hivi tunaweka hela au tunaomba uraia?

Wakuu salaam, leo nina hasira naombeni mnivumilie. Mimi na kaka yangu aliyeko Muscat tumesajili kampuni ya kuleta vipodozi, duka lipo Kariakoo, cheti cha BRELA tunacho, TIN ipo, leseni ipo. Nikaenda benki moja hapa mjini nikijua akaunti ya kampuni ni shughuli ya asubuhi moja. Thubutu! Mara lete katiba ya kampuni, nikaleta. Mara azimio la wakurugenzi la nani atasaini, nikaandika, wakasema halina muhuri. Mara barua ya serikali ya mtaa na mwenyekiti kaenda msibani mkoani. Namba ya NIDA nimewapa, kidole nimeweka kwenye kile kimashine na sura yangu ikatokea pale kwenye skrini, sasa barua ya mtaa ya kazi gani tena?

Wakahamia kwa kaka. Kopi ya pasi iliyothibitishwa, anakaa wapi huko, anafanya kazi gani, analipwa ngapi, mtaji kautoa wapi. Fundi viyoyozi wa miaka yote hiyo mnamuuliza hela katoa wapi kama vile kavunja duka la mtu?? Akaunti ikafunguka kwa mbinde, kaka akatuma milioni 38, akapitishia kwenye akaunti ya mwenzake wanayekaa naye maana ya kwake ilikuwa na tatizo, na mpaka ninavyoandika hela ipo lakini haigusiki. Nikimuuliza dada wa kaunta anainamisha macho "iko kwenye mchakato kaka". Mchakato gani na mzigo uko bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku? Mafisadi wa mabilioni wao wanafunguliwa akaunti na chai juu.

Babu Kijiko: Hiyo ni TRA mkuu, usijidanganye. Benki siku hizi ni macho ya TRA, wanataka wajue hela yako wakukate kodi. Kila kinachozidi dola elfu 10 kinapelekwa juu.

Kaunta ya Zamani: Babu umepatia nusu. Taarifa za keshi inayozidi dola 10,000 zinapelekwa kweli, ila haziendi TRA, zinakwenda kitengo cha kudhibiti fedha haramu, FIU. Tena hii ya mleta mada wala sio keshi, ni uhamisho kutoka nje na wenyewe una taratibu zake.

Mleta mada, nimekaa dawati hilo miaka kadhaa kabla sijaacha kazi za watu, ngoja nikuulize. Kwenye fomu kuna sehemu ya mzunguko unaotarajia kwa mwezi, ulijaza ngapi?

Mleta mada: Nilijaza milioni 5, si ndio tunaanza jamani, ningeandika bilioni?

Kaunta ya Zamani: Basi ndio hapo. Sasa kaa upande wa yule anayeangalia kompyuta, hakujui wala hamjui kaka yako. Anaona kampuni changa, imesema itazungusha milioni 5 kwa mwezi, muamala wake wa kwanza kabisa ni milioni 38 kutoka nje, na jina la aliyetuma halipo popote kwenye makaratasi ya kampuni. Sio mwanahisa, sio mkurugenzi, sio mteja. Mfumo unawasha taa wenyewe, hahitaji hata kukuwazia mabaya. Hela chafu mara nyingi ndivyo zinavyotembea, zinapita kwenye jina la mtu asiyehusika ili wa mwanzo asionekane. Ya kaka yako ni jasho, sina shaka, lakini kwenye skrini zinafanana.

Na hilo la pasi ya kaka lina sababu yake. Benki lazima ipitishe kila jina kwenye orodha za watu waliowekewa vikwazo, ile ya Umoja wa Mataifa na nyinginezo. Sasa majina yetu ya Pwani, Salim Mohamed Ali wako wangapi duniani? Jina likigonga inabidi tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasi vionyeshe kwamba huyu siye. NIDA inathibitisha wewe ni wewe, haisemi hela ni ya nani wala nani anaamrisha kampuni nyuma yako.

Dada wa kaunta msamehe. Kama taarifa ya kutilia shaka imeshaandikwa, kumwambia mteja ni kosa la jinai. Na kama haijaandikwa atakujibu vilevile, kwa hiyo kwenye uso wake huwezi kusoma kitu.

mama_wawili: Mie laini yangu ya simu ilifungwa na hela ndani nikaambiwa nirudie alama za vidole, hii nayo ni utakatishaji? Vidole vyangu havisomi kwa sababu ya sabuni za kufulia 😭

Kaunta ya Zamani: Hapana dada, hilo ni la usajili wa laini, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho.

Mtu wa Tandika: Hizi ni sheria za wazungu tu. Mwaka 2022 walituweka kwenye orodha ya kijivu, ile ya nchi zinazolegalega kudhibiti fedha chafu, tukanyanyasana humu ndani, 2025 wakatutoa, na makaratasi yako palepale. Si walisema tukitoka mambo yatalegea?

Kaunta ya Zamani: Sheria yetu ya utakatishaji ni ya 2006, orodha imekuja baadaye sana. Na msisahau benki ya FBME. Imesajiliwa hapa, makao Dar, biashara yake kubwa iko Kupro, Wamarekani wakaitaja kwa utakatishaji Julai 2014, BoT ikaingia kuisimamia, Mei 2017 leseni ikafutwa. Wenye akaunti hapa nyumbani walibaki wanahesabu bima ya amana ambayo wakati ule mwisho wake ilikuwa milioni moja na nusu.

Ila nitasema na upande wa pili, benki nazo zinazidisha. Sheria inataka wapime hatari, fundi cherehani na kampuni yenye wanahisa nje wasibebeshwe mzigo mmoja. Lakini 2019 BoT ilipiga benki tano faini jumla karibu bilioni 1.9 kwa mambo haya, tangu hapo ofisa wa tawi anaona heri akuudhi wewe kuliko akaguliwe faili lina pengo. Barua ya mtaa kwa mtu mwenye NIDA iliyosoma mimi mwenyewe sijawahi kuielewa.

Dogo Hesabu: Bro shortikati ipo, pitisha hela kwenye akaunti binafsi ya mshikaji unampa chochote, mzigo unatoka kesho.

Kaunta ya Zamani: Atakayefuata ushauri huu asije kulia humu. Anayekodisha akaunti ndiye jina lake linakutwa kwenye faili, na huyo mshikaji akiamua kukaa na hela utamshtaki kwa mkataba gani?

Mleta mada fanya hivi. Barua ya kaka kwamba hela ni yake na kwa nini imepita kwa mwenzake, taarifa yake ya benki ya Oman inayoonyesha mshahara unaingia na siku alipomhamishia huyo mwenzake, kopi ya kitambulisho cha huyo mwenzake, na ankara ya mzigo. Waombe pia wabadilishe ule mzunguko wa milioni 5. Peleka vyote kwa mkupuo, na wasaini kopi yako kwamba wamepokea.

Mleta mada: Alimpa mkononi, hakuhamisha. Keshi.

Kaunta ya Zamani: Duh.

Babu Kijiko: Hapo sasa.

Mleta mada: Duh nini? Mtu kampa mwenzake hela yake mkononi kuna ubaya gani, kule Oman watu wanatoa mshahara kwenye mashine kila mwezi. Risiti za mashine anazo baadhi. Nitazipeleka hizohizo, na huo mzunguko nabadilisha kesho. Ila wakinirudisha tena kwa mwenyekiti wa mtaa nahamia benki nyingine.

Kaunta ya Zamani: Peleka risiti ni bora kuliko mikono mitupu, na yule mwenzake naye aandike kwamba alipokea. Kuhama haitasaidia, huko nako utaulizwa milioni 38 inatoka wapi.