Mdogo wangu anataja vitenzi vya Kiingereza bila kosa, akiandika anachanganya. Naombeni ushauri

Kaka wa Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Naishi na mdogo wangu wa kidato cha pili, na mtihani wa taifa umekaribia. Orodha ya vitenzi aliyopewa shule imepangwa A mpaka Z, ikawa haimwingii kichwani. Nikampangia upya kwa milio: *bought, brought, caught, taught, thought* kundi moja, *cut, put, hit, shut* kundi jingine, halafu *sing, sang, sung* na wenzake. Makundi mawili ya kwanza yameshika vizuri. Hili la tatu linanitesa. Jioni anaosha vyombo huku anayataja yote kama wimbo, hakosi hata moja. Nikimpa karatasi anaandika *The bell has rang*, *She sung well yesterday*, *They have began*. Turudi kwenye orodha ya A mpaka Z?

Chizi Lugha:
Usirudi, mkuu. Mwambie kanuni moja tu: akiona *i* katikati, safu ya pili inakuwa *a*, ya tatu *u*. *Swim, swam, swum. Drink, drank, drunk.* Akishika hiyo hahitaji orodha tena.

Mama Wawili:
Pole baba. Hata wangu alikosa hapohapo, anaandika "anala" badala ya "anakula". Vitenzi vya silabi moja vinasumbua sana watoto.

Kaka wa Mbagala:
Ahsante mama, ila huyu shida yake ni karatasi ya Kiingereza. Chizi Lugha, nimeijaribu kanuni yako jana. Ameniandikia *brang* na *swang*.

Mwalimu Mstaafu, Tandika:
Kijana, fanya jambo moja kwanza. Mwambie aseme *drank*, kisha *drunk*, wewe ukiwa umempa mgongo. Unaweza kujua ipi ni ipi?

Kaka wa Mbagala:
Shikamoo mwalimu. Nimefanya sasa hivi. Zote mbili nasikia "drank". Na mimi nikisema ni hivyohivyo!

Mwalimu Mstaafu, Tandika:
Marahaba. Tatizo ndilo hilo. Kiswahili kina irabu tano, na *a* yetu inameza sauti zote mbili hizo. Kundi la *bought* halidhuriki, maana safu ya pili na ya tatu ni neno lilelile. La *cut* ndiyo kabisa, safu zote tatu ni moja. Hapa kwenye *sing* anakariri wimbo ambao beti zake mbili zinasikika sawa, kwa hiyo mkono haujui uandike ipi.

Kundi hili lishikwe kwa sentensi fupi, akiandika huku anasema. Kila kitenzi sentensi mbili: *I drank tea yesterday. I have drunk tea.* Chini yake aandike "nilikunywa" na "nimekunywa". Ile *li* iende na *a*, ile *me* iende na *u*. Vitenzi vyenyewe si vingi: *begin, drink, ring, sing, sink, swim, shrink, spring*. Vinne leo, vinne keshokutwa.

Kanuni ya ndugu hapo juu ni nusu. *Swing, sting, dig, stick* vipewe ukurasa wao: *swung, swung, dug, dug*, havipiti kwenye *a*. *Win* ni *won, won*. *Bring* na *think* vibaki kwa *bought*.

Tahadhari mbili. "Wimbo uliimbwa" ina *li*, lakini ni *The song was sung*. Na baada ya *did* kitenzi kinarudi safu ya kwanza: *Did she sing?*

Dada wa Mapokezi:
Mimi nipo hotelini, nilifundishwa kutamka *drank* kuelekea *e*, karibu na "drenk". Tangu hapo sijachanganya. Kwa nini asifundishwe kusikia tofauti yenyewe?

Mwalimu Mstaafu, Tandika:
Kwa mazungumzo ni sawa kabisa, dada yangu. Ila nimesahihisha madaftari yenye *drenk* na *seng* zimeandikwa hivyohivyo. Mtihani ukiwa karibu, mimi naogopa.

Dada wa Mapokezi:
Atakosea wiki moja, kisha atazoea. Hapo hatukubaliani, mwalimu.

Kaka wa Mbagala:
Mrejesho, siku ya tano. Nimempa sentensi kumi, kapata nane. *The bell has rung* kaandika bila kusita, nikamwona midomo inasema "imelia" kabla ya kuandika. Kakosa *The ship was sank*, ule mtego wa "ilizamishwa", na *She has ran*. Hii ya *run* ameniuliza, "Kaka, hii nayo *me* yake iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Mwalimu Mstaafu, Tandika:
*Run* aitoe huko, aiweke na *come* na *become*: *run, ran, run, come, came, come, become, became, become*. Safu ya tatu inarudi nyumbani kwa ya kwanza. Aandike *She has run home*, "amekimbilia nyumbani", na *She has come home*, "amekuja nyumbani". Ya meli arudie kesho asubuhi, kabla hujamwonyesha jibu.