Naombeni ushauri: 142230Z na 150130C ni safari mbili au moja?

DerevaWaUsiku
Wakuu, heshima kwenu. Naendesha gari la kuwapeleka marubani na wahudumu wa ndege uwanjani kutoka hotelini, hapa Dar. Juzi niliingiziwa ujumbe mara mbili, kila mmoja na mtu wake: `PICKUP 142230Z` na `PICKUP 150130C`. Nikajua ni safari mbili. Tarehe 14 saa nne na nusu usiku nikafika hotelini, mapokezi wananishangaa, abiria wangu wamelala. Nikarudi kwangu. Ile ya tarehe 15 saa saba na nusu nikaihesabu kuwa ni usiku baada ya magharibi ya tarehe 15, nikalala zangu. Saa nane kasoro robo simu ikaanza kupiga kelele. Sasa bosi anataka kunikata siku mbili. Hizi herufi zinasomwaje?

MzeeWaMnarani
Pole kijana. Ni safari moja hiyo. Tarakimu mbili za kwanza ni tarehe, nne zinazofuata ni saa, herufi ya mwisho inakwambia saa hiyo ni ya wapi. Z ni Zulu, yaani sifuri. Kuanzia hapo ukielekea mashariki unaongeza saa moja kwa kila herufi: Alfa moja, Bravo mbili, Charlie tatu. Sisi ni Charlie. Kwa hiyo 22:30 ongeza tatu, inavuka usiku wa manane, unapata 01:30 ya tarehe 15. Ndiyo ule ujumbe wa pili. Mtu wa Maskati angekuandikia `150230D`, na bado ni dakika ile ile.

Mashariki inaishia Mike, saa 12 mbele. Magharibi inaanza November, saa moja nyuma, mpaka Yankee, 12 nyuma.

Chapwa
Kwa kifupi Zulu ni saa ya London. Weka saa ya London kwenye simu yako, umemaliza.

MzeeWaMnarani
Chapwa, hilo ni kweli wakati wa baridi tu. Kiangazi Waingereza wanasogeza saa zao mbele, wanakuwa Alfa. Ukiwafuata Julai utafika hotelini saa nzima kabla ya wakati. Zulu haisogezwi. Na jina lisikuchanganye: Wazulu wenyewe kule Afrika Kusini wako Bravo.

BintiKariakoo
Mimi kazini nataja jina langu kwa wateja hivyo hivyo, Alfa, Mike, India, November, Alfa. Dereva, nadhani walikuwa wanakutajia herufi ya jina la abiria. Ungeuliza mapokezi kama kuna mgeni anaanzia na Z.

DerevaWaUsiku
Hapana dada, hakukuwa na jina lolote. Ila umenikumbusha, India ni saa ya Mumbai?

GomaMoja
Hapana ndugu, India ni saa 9 mbele, wako Wajapani na Wakorea. Ukihesabu A, B, C mpaka I utaona J haijafika, ndiyo maana hesabu inakubali. Baada ya I inaruka kwenda Kilo, saa 10. J wameiacha kwa maana ya "saa ya hapo ulipo". Mumbai wako saa tano na nusu, katikati ya Echo na Foxtrot, hawana herufi yao. Huku Goma tuko Bravo lakini Kinshasa ni Alfa, na nchi ni moja! Ndiyo maana wanajeshi wakiandikiana wanakimbilia Zulu.

MzeeWaMnarani
Kuna njia ya mkato ya kwetu: chukua Zulu, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili. `0600Z` ni saa tatu asubuhi. `1200Z` ni saa tisa alasiri. Ikizidi 12, toa 12: 22:30 toa tatu ni 19:30, toa 12, saa saba na nusu. Goma Moja yeye atoe nne.

Chapwa
Hiyo nimeipenda. Ila bosi naye ana makosa, angeandika "usiku wa kuamkia tarehe 15" kama watu.

MzeeWaMnarani
Rubani wa kigeni hajui kuamkia. Kwenye ujumbe wa namna hii siku inaanza 0000, haingoji magharibi.

DerevaWaUsiku
Asanteni. Leo imeingia `200045Z`. Nimekopa 12, nikatoa tatu, nimepata saa tisa na dakika 45 usiku. Na kwa kuwa ni usiku, tarehe inasogea kuwa 21. Niko sawa?

MzeeWaMnarani
Saa sawa, tarehe siyo. Kwetu tarehe inasogea kwa Zulu ya 2100 mpaka 2359 tu, kwa sababu sisi tumeshavuka usiku wa manane na wao bado. Ikifika 0000Z nao wameshavuka. Ni tarehe 20 hiyo hiyo, alfajiri ya leo kuamkia kesho. Kalale mapema.