Tupeane uzoefu: baiskeli imara ya kwendea kazini, vipuri vyake unavipata?

Mwendakazi
Wakuu, salaam. Naomba uzi huu ukusanye uzoefu wa sisi tunaokwenda kazini kwa baiskeli kila siku, mvua na jua. Mara nyingi ushauri unaishia kwenye "chukua kampuni fulani", halafu hakuna anayesema baiskeli yake ilianza kuharibika wapi na kipuri alikipataje.

Naanza mimi. Nina kilo tisini hivi, na nyuma nafunga begi la zana kwenye keria. Baiskeli yangu ni ya chuma, gia saba nyuma, matairi ya 700C. Niliichukua kwa sababu wengi waliisifia fremu, na kweli fremu haijanisumbua hata kidogo. Shida ni ekseli ya nyuma, inapinda. Kwanza tairi linaanza kugusa breki upande mmoja. Nikinyoosha ringi kwa spoki inatulia kidogo, kisha naona sproketi zinayumba zikizunguka. Nikiitoa ekseli na kuiviringisha juu ya meza, inarukaruka. Nimeshaibadilisha na mpya ikapinda vilevile. Sasa hapo tatizo ni kampuni, ni chuma cha ekseli, au ni uzito wangu? Na ninyi mlipochagua mliangalia nini?

Chuma Kwanza
Mkuu, hiyo ni chuma laini tu. Tafuta baiskeli ya kromoli, haipindi na haishiki kutu. Aluminiamu usiiguse kabisa, ile ni kopo. Chukua sumaku uende nayo dukani, ikinata nunua.

Gololi
Habari zenu. Natengeneza baiskeli, na hili la Mwendakazi linaletwa kwangu mara kwa mara, tena kwa kampuni tofauti tofauti.

Mkuu, kabla hujalaumu chuma cha ekseli, angalia gololi za upande wa mnyororo zimekaa wapi. Friwili yako ni ile ya kufungwa kwa uzi juu ya habu. Habu inaishia pale uzi unapoishia, na gololi zimekaa hapohapo ndani. Kutoka kwenye gololi hadi kwenye fremu kuna upana wote wa sproketi saba ambapo ekseli haina kinachoishikilia. Uzito wako, keria na kila shimo unalopita vinapinda kipande hicho. Kwa sproketi moja kipande hicho ni kifupi, ndiyo maana baiskeli za mizigo zenye sproketi moja zinabeba magunia na ekseli zake hazipindi ovyo. Kwa saba, hata uweke ekseli nzuri namna gani, unaongeza muda tu.

Habu za aina ya pili zina friwili ndani ya habu yenyewe, na sproketi zinavishwa juu yake kama seti. Hapo gololi za kulia zinasogea nje hadi karibu na fremu. Ekseli ni ileile ya milimita 10, lakini haipindi kirahisi.

Kuzitofautisha dukani huhitaji kufungua kitu. Tazama katikati ya sproketi ndogo kabisa, kuna meno madogo ya kushika kifungulio. Zungusha sproketi kinyumenyume. Meno yale yakizunguka pamoja nazo, hiyo ni habu ya kuvisha. Yakibaki yametulia, ni friwili ya uzi. Kwa mtu wa kilo tisini mwenye begi la zana, mimi ningeanza na hapo kabla hata ya kusoma jina kwenye fremu.

Chuma Kwanza, kromoli inashika kutu kama chuma kingine. Ni imara zaidi, kwa hiyo bomba linaweza kuwa jembamba na fremu ikawa nyepesi. Na sumaku inanata kwenye vyote viwili, haitakuonyesha kipi ni kipi. Itakutenga na aluminiamu tu.

Mama Pacha
Samahani, mimi natafuta baiskeli ya mwanangu wa darasa la tano. Hizo gia saba zinamfaa? Au nisubiri akue?

Mwendakazi
Mama Pacha, kwa mtoto mwepesi sidhani ekseli itapinda. Ila fungua uzi wako, watu watakusaidia vizuri zaidi.

Gololi, asante sana. Nimezungusha sasa hivi, yale meno yametulia. Basi nikitafuta gurudumu la nyuma lenye habu ya kuvisha, litaingia kwenye fremu yangu?

Gololi
Pima nafasi kati ya masikio mawili ya fremu pale ekseli inapokaa. Baiskeli nyingi za friwili ya gia saba zina milimita 126. Magurudumu ya habu ya kuvisha yanapatikana zaidi kwa 130 na 135.

Mwendakazi
Nimepima, ni 126.

Gololi
Basi tafuta la 130. Kwako ni milimita mbili kila upande, na fremu yako ni chuma, kwa hiyo inatanuliwa bila moto. Fundi aitanue kidogo kidogo huku akipima kwa uzi uliozungushwa kutoka sikio moja, mbele ya bomba la fremu linaloshika usukani, hadi sikio la pili, aone pande zote mbili zimetoka sawa. Kisha ahakikishe masikio bado yanatazamana, na kile kishikio cha mkono wa gia hakijakaa upande. Kikikaa upande, mnyororo utaruka.

Fremu ingekuwa ya aluminiamu nisingekushauri uitanue. Haipendi kupindwa, inapasuka kwenye maungio.

Alumini Safi
Nimetumia aluminiamu miaka mingi, mvua yote, haijaniangusha, na wala siyo kopo. Kilichonitesa ni kile kishikio cha gia. Kwenye yangu ni kipande kidogo kinachofungwa kwa skrubu, kiliwekwa ili kipinde chenyewe badala ya fremu. Kilipopinda nikagundua kila toleo lina umbo lake, nikakaa bila baiskeli hadi nilipopata kinachofanana. Siku hizi nina cha akiba kwenye begi. Anayenunua aluminiamu adai viwili siku hiyohiyo.

Kilima
Kwangu ni ringi. Usisome inchi, soma namba ndogo kwenye ubavu wa tairi. Kuna inchi 26 ya 559 na inchi 26 ya 590, na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Kabla sijanunua nilizunguka kwa mafundi watatu kuuliza tairi lipi wanalo ukutani, ndipo nikachagua baiskeli. Jina la kampuni lilikuja mwisho.

Chuma Kwanza
Sawa Gololi, la kutu nimekuelewa. Lakini fremu ikipasuka njiani, chuma anakuchomelea fundi yeyote. Aluminiamu je?

Gololi
Hapo uko sahihi. Aluminiamu inachomelewa, ila sehemu iliyopata moto inapoteza nguvu mpaka fremu ipikwe upya kwa joto maalumu, na karakana za kawaida hazina tanuri hilo. Wewe kagua tu nyuma ya ekseli ya pedali na chini ya kiti. Ukiona mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, ufute kwa kitambaa. Usipofutika, acha kuipanda.

Alumini Safi
Ndiyo, lakini nayo chuma inaoza kwa ndani bila kuonekana. Nimeshaona bomba lenye rangi nzuri linatoboka kwa kidole.

Gololi
Ni kweli, hasa ile inayolala nje. Chomoa bomba la kiti, igeuze baiskeli uone kama maji yanatoka.

Mwendakazi
Nimeichomoa. Hakuna maji, ila kuna vumbi jekundu. Kesho nampelekea fundi pamoja na gurudumu la 130, nitaleta majibu hapa. Wengine endeleeni, hasa wenye habu za gia za ndani. Mnazipaka nini, na nyaya zake mnazipata wapi zikikatika?