Mrejesho: wakala wa masomo ya Kanada, Kisumu

Nilichouliza: "Wakala hapa Kisumu alichukua 180,000 amtafutie mdogo wangu chuo Kanada. Barua ya chuo haijaja, simu hapokei. Nidai vipi?"

Asanteni wakuu. Mdogo wangu mwenyewe aliandikia ofisi ya udahili ya chuo. Wakajibu hawajapokea ombi lolote lenye jina lake. Hapo ndipo wakala alipobanwa, maana alijificha nyuma ya maandishi madogo chini ya risiti: "ada ya huduma hairudishwi". Huduma gani, na ombi halikutumwa?

Nikampelekea barua ya madai, nikaambatisha risiti, taarifa ya M-Pesa na jibu la chuo. Nilimpa siku 14, la sivyo tukutane Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hulazimiki kuwa na wakili. Karani wa wakala alinigongea muhuri kwenye nakala yangu ya barua, shingo upande.

Juzi wakala amerudisha 120,000, akaniletea karatasi nisaini kwamba tumemalizana. Sikusaini, nilimwandikia tu kuwa nimepokea sehemu ya deni. Hizo 60,000 eti ni za "kushughulikia faili". Wiki hii najaza fomu ya madai.