Tupeane uzoefu: mume kafilisika, madeni hadi shingoni. Ulikaa ama ulitoka?

Bi Mahamri, Mikindani

Asalaam aleikum wenzangu. Naanza na yangu, kisha nataka kusikia zenu.

Mume wangu alikuwa na trela mbili za kubeba makontena, Kilindini hadi Nairobi, mara nyengine hadi Kampala. Mwaka 2018 reli ya SGR ikaanza kubeba mizigo, safari zikapungua. 2019 mizigo ya bara ilipoanza kulazimishwa kupanda reli, trela zikawa zalala Miritini wiki mbili, mara mwezi. Rejesho la benki nalo halikungoja.

Kwamba kazi imepungua nilijua. Nisilolijua ni kuwa alikuwa akilipa deni kwa deni. Nilijua siku dalali alipobisha hodi saa tatu asubuhi, mie niko kwenye karai nakaanga mahamri ya kuuza. Akaingia na karatasi ya korti, akaandika: sofa, friji, televisheni, kabati la vyombo. Akatuachia nakala, akasema tuna siku saba. Mume wangu alikuwa chooni, hakutoka mpaka gari lao likaondoka.

Usiku ule nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nikamwambia aandike yote. Benki, milioni 3.1. Kituo cha mafuta, 420,000, na hao ndio waliomtuma dalali. Madereva, mishahara ya miezi miwili. Rafiki wa msikitini. Shailoki, 300,000, riba asilimia ishirini kwa mwezi. Hapo nikasita, nikapiga hesabu mwenyewe: 60,000 kila mwezi, kashalipa miezi mitano, kwa hiyo katoa 300,000 nzima na deni liko pale pale. Nikamuuliza, ndiyo yote? Akanyamaza. Akaandika la mwisho: sonara. Bangili zangu alizosema kazipeleka kusafishwa.

Wallahi milioni tatu hazikuniuma kama zile bangili.

Wiki hiyo hiyo shemeji yangu mkubwa akaja na fomu. Nina kiwanja Mtwapa, hati kwa jina langu, alichoniachia mamangu. Shemeji ataka kiwekwe rehani, madeni yote yakusanywe yawe mkopo mmoja. Akasema, "Mke ni wa shida, si wa trela." Mume wangu akiangalia sakafu. Hakuniomba, lakini hakumkataza nduguye.

Niliomba siku tatu, nikaenda kwa shangazi yangu Kisauni. Shangazi hakunipa nasaha, aliniuliza tu: "Ukitia saini, kesho trela zitapata mzigo?" Nikasema la. Akaendelea kuchambua mchicha.

Basi nilirudi nikamwambia mume wangu mbele ya nduguye: nyumbani nakaa, saini sitii. Shemeji alipandisha sauti, mie nikaenda kukanda unga.

Tulichofanya ni kwenda benki sote wawili kabla hawajakamata magari. Wakakubali tutafute mnunuzi wenyewe, pesa ziingie kwao moja kwa moja. Trela zote mbili zikatoa milioni 2.4. Mnada ungetoa chini ya hapo, maana mnunuzi wa mnada ajua una haraka. Zile 700,000 zikabaki za kulipa polepole.

Sasa nambieni ninyi.

Karani Mstaafu, Tononoka

Nimefanya kazi kortini miaka mingi. Bi Mahamri, friji ilikuwa yako ama yake?

Bi Mahamri

Yangu, ya pesa za chama. Risiti ilikuwa na jina langu.

Karani Mstaafu

Basi hapo ndipo wake wengi wanapopotea. Dalali huandika kila akionacho, yeye hajui nani kanunua. Mke mwenye kitu chake hupeleka pingamizi kortini, na kiapo na risiti, kabla kitu hakijauzwa. Asiye na risiti huishia kulia mlangoni. Na hilo karai lako haliguswi: sheria huacha vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, nguo za lazima, na vifaa vya mtu vya kazi. Nimeona dalali akibeba hata sufuria kwa sababu wenyewe hawakujua.

Msomi wa Bombolulu

Mwahangaika bure. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yasema mali ya ndoa haiguswi bila idhini ya mke. Ungemfukuza huyo dalali.

Karani Mstaafu

Nusu, kijana wangu. Idhini hiyo yahitajika mume anapouza au kuweka rehani mali ya ndoa. Mdai aliyepata hukumu akija kuchukua sofa ya mume haji kumuomba mke ruhusa. Tena sheria hiyo hiyo humruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na huko mali ya mke ni ya mke, deni la mume si lake. Kinga ya bibi huyu ni kule kutotia saini. Angetia, benki wangelipwa kutoka Mtwapa hata kama mume kahamia mwezini.

Fundi Likoni

Mimi mke wangu alitoka 2020, karakana ilipofungwa. Je, naweza kudai mahari yangu? Nilitoa 80,000 na kitanda.

Karani Mstaafu

Bwana, hapa twazungumza mengine. Lakini aliomba khului ama ulimuacha mwenyewe?

Fundi Likoni

Nilimwambia aende kwao apumzike.

Mama Wawili, Tudor

Jamani. Kaka, hiyo umuulize Kadhi.

Yangu ni hii. Mie pia nilikaa. Duka la vipuri lilifungwa, nikauza bajia na viazi karai, nikalipa kodi ya nyumba mwaka mzima bila kulalamika. Siku moja napigiwa simu nadaiwa 47,000 za mkopo wa simu. Sijawahi kukopa. Mume wangu alikuwa kachukua kitambulisho changu nikiwa nimelala, akasajili laini. Na alikuwa kashaniapia kuwa ameniambia yote. Nilikwenda kwa Kadhi, nikarudisha mahari, nikatoka. Ndugu zangu wasema nilikimbia umaskini. Umaskini ninao mpaka leo.

Bi Mahamri, wewe una hakika lile daftari liliisha?

Bi Mahamri

Sina. Mwezi wa kwanza nililala na simu yake chini ya mto. Nikachoka. Sasa kila Ijumaa akitoka msikitini twakaa na daftari, afuta alicholipa, na mdai nampigia mimi mwenyewe kuhakikisha. Rafiki wa msikitini aliona haya kunijibu, lakini alijibu.

Dada wa Changamwe

Samahani, lakini huo si unyapara? Mume mzima kukaguliwa kama mtoto wa darasa la nne. Mimi ningemuachia uanaume wake kidogo.

Bi Mahamri

Dada, huenda. Yeye mwenyewe alisema hivyo mara moja, tukakosana siku tatu. Sina jibu zuri.

Karani Mstaafu

Na ulichompa kutoka kwa mahamri, umeandika?

Bi Mahamri

Shangazi alinilazimisha. Ukurasa wa mwisho, jina langu, 86,500, yeye katia saini na shahidi ni shangazi mwenyewe. Shemeji alipoona alicheka, asema mke ajiandika kati ya wadai.

Mama Wawili

Na trela? Septemba 2022 Rais Ruto alipotangaza shughuli za mizigo zirudi Mombasa, hakutaka kukopa tena?

Bi Mahamri

Alitaka. Usiku kucha alikuwa akinipigia hesabu za trela moja kuukuu. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza ataweka nini rehani, akanyamaza. Sasa ni dereva wa trela ya mtu, Mombasa na Malaba. Hunitumia pesa kutoka Mlolongo akishapima uzani.

Dada wa Changamwe

Na bangili?

Bi Mahamri

Ziko kwa sonara bado. Hupeleka elfu tatu kila mwezi, na ndizo anazopeleka kwa mkono wake, hataki nimsaidie. Jana nilikuwa na shughuli Mji wa Kale. Nilipita upande wa pili wa barabara.