Naomba ushauri: huu ni uchovu tu au kazi imeanza kunimaliza?

Wakuu, habari zenu. Nipo ofisini, idara ya hesabu. Kuchoka mwisho wa mwezi nimezoea, nikilala wikiendi nakuwa sawa. Siku hizi nalala vizuri lakini Jumatatu naamka nimechoka vilevile. Kinachonitisha zaidi ni roho kuwa ngumu: mteja akilalamika sijali kabisa, na barua pepe ya mistari miwili naisoma mara tatu ndipo niielewe. Kuhusu mtu kumalizwa na kazi, yaani burnout, Shirika la Afya Duniani linataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kiakili au kuichukia, na ufanisi kushuka. Yote ninayo. Je, nianze kupima damu na tezi ya shingo, au nimwombe bosi kwanza anipunguzie majukumu? Waliopitia haya, mlianzia wapi?