Hotuba ya Jumamosi: kampuni ya mwekezaji

Neema: Shikamoo Mzee Hamisi, shikamooni wote. Mwanzo wa hotuba ya mkutano mkuu ndio huu: "Ndugu wanakijiji, kabla hatujazungumza ekari anazotaka mwekezaji wa madini, tumwombe namba ya usajili wa kampuni yake. Jina tu halitoshi, kampuni mbili huweza kutofautiana kwa neno moja."

Mzee Hamisi: Marahaba mwanangu. Ila cheti cha usajili kutoka BRELA ameshatuletea, nimekiona kwa macho yangu.

Neema: Nimeipata picha yake, Mzee. Ni cheti cha jina la biashara, si cha kampuni. Jina la biashara ni la yule aliyelisajili. Hapo hakuna wanahisa wala wakurugenzi, na mkataba utakuwa na yeye binafsi.

Salumu: Lakini TIN anayo jamani. TRA hawatoi hivi hivi.

Neema: TIN hata mwenye kibanda cha chipsi anayo, Salumu. Inaonyesha anajulikana kwa mambo ya kodi, basi. Wakurugenzi utawajua BRELA. Ingia ors.brela.go.tz, tafuta kwa jina au namba. Kisha tuombe taarifa rasmi ya kampuni, ina ada. Humo tutaona wakurugenzi, wanahisa na anwani.

Mama Zawadi: Mimi shamba la bondeni wameshalipiga vigingi. Fidia lini?

Neema: Mama, hilo ni la fidia, lipeleke kwa mtendaji. Ila usisaini karatasi yenye nafasi tupu.

Mzee Hamisi: Yule kijana anayekuja na gari jeupe ndiye atakayesaini?

Neema: Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Jina lake lisipokuwemo kwenye orodha ya wakurugenzi, alete azimio la bodi linalomtaja yeye na shughuli hii hii. Kadi yenye cheo haitoshi.

Salumu: Leseni ya madini nimeiona, kwa hiyo kuchimba anaruhusiwa.

Neema: Namba yake inaanza na herufi gani?

Salumu: PL.

Neema: Hiyo ni ya utafutaji. Anatafiti, haimpi ruhusa ya kuchimba na kuuza. Tazama pia mwenye leseni ni nani. Ikiwa ni kampuni nyingine, tutamwomba hati inayomwunganisha nayo, tena tuulize ofisi ya madini ya mkoa kama wanaitambua.

Salumu: Sawa, hilo sikulijua. Ila ada ya BRELA alipe yeye, ndiye mwenye shida na ardhi.

Neema: Akilipa na kuchukua yeye, karatasi itapitia mkononi mwake. Afadhali tuombe wenyewe.

Mzee Hamisi: Mfuko wa kijiji umekauka tangu tununue mabati ya zahanati. Nitawauliza wajumbe kesho.

Mama Zawadi: Na vigingi vyangu, ving'olewe au viachwe?

Mzee Hamisi: Usiviguse kwanza, Mama Zawadi. Vipige picha.